Daftari la nguvu: namna ya kujua mhusika anaweza nini na hawezi nini

Ubishi ulianza kwenye banda la video pale Mwanjelwa, jioni moja ya Juni, ule wakati ambao Mbeya nzima inatembea na makoti. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa anashikilia kwamba Katara, yule binti mtawala maji wa katuni ya Avatar, anaweza kumkamata mtu kwa damu yake saa yoyote, hata jua likiwa utosini. Jamaa mmoja muuza viazi kutoka Uyole akamkatalia: "Dogo, bila mwezi mpevu hawezi. Hilo halina mjadala." Wote wawili wameangalia katuni ileile, tena zaidi ya mara moja, na kila mmoja alikuwa na uhakika kabisa. Mwisho sauti zikapanda, mwenye banda akawaomba watoke nje.

Mimi huwa nina kaunta buku kwa ajili ya mambo haya. Naandika nguvu za wahusika ninaowafuatilia, mstari kwa mstari, na limenisaidia kumaliza mabishano mengi kuliko sauti kubwa. Hapa nitaeleza namna ya kulitengeneza, kwa kutumia swali hilohilo la damu na mwezi.

Kwa asiyeijua, "Avatar: The Last Airbender" ni katuni ya episodi 61 iliyoonyeshwa kuanzia 2005 hadi 2008. Imegawanywa katika vitabu vitatu: Maji, Ardhi na Moto. Katika dunia yake kuna watu wanaozaliwa na uwezo wa kutawala kitu kimoja kati ya maji, ardhi, moto na hewa. Mmoja tu, Avatar, ndiye anayeweza kuvitawala vyote vinne. Nimeichagua kwa sababu waandishi wake waliheshimu sheria zao. Walikuwa wakikufundisha sheria mapema, kisha wanaitumia mbele kabisa, ukiwa umeshaanza kuisahau. Mwishoni mwa Kitabu cha Kwanza roho ya mwezi inauawa, na palepale watawala maji wote wanaishiwa nguvu. Hapo umeshafundishwa kwamba nguvu zina chanzo angani, na chanzo kikizibwa, nguvu zinakatika. Kwenye Kitabu cha Tatu jua linapatwa, na watawala moto wanabaki mikono mitupu kwa dakika nane. Hakuna mtazamaji makini anayeshangaa, maana somo alilipata zamani.

Kwa hiyo unapoanza kufuatilia nguvu yoyote, tafuta mambo matatu: inatoka wapi, inaishia wapi, na mwenye nayo inamgharimu nini. Sizoni ambayo haijibu hata moja kati ya hayo haina cha kuandika daftarini. Iangalie tu ufurahi.

Anza kwa kulipunguza swali

Ukiuliza "Katara ana nguvu kiasi gani?" utabishana mpaka kesho. Swali linalojibika lina vitu vitatu ndani yake: nani, wakati gani wa hadithi, na katika hali gani. La kwetu liliandikwa hivi: "Je, Katara, kufikia mwisho wa Kitabu cha Tatu, anaweza kutawala damu ya mtu bila mwezi mpevu?"

Kile kipande cha "kufikia mwisho wa Kitabu cha Tatu" watu wengi wanakiruka, na ndicho kinachozaa nusu ya makosa. Mhusika anajifunza kadiri hadithi inavyokwenda. Mtazame Toph, yule binti asiyeona anayetawala ardhi na kuhisi dunia kwa mitetemo inayopita miguuni. Katika Kitabu cha Pili wanafika jangwani, na mchanga unamchanganya kabisa. Kila kitu kwake kinakuwa kama kimefunikwa na ukungu. Ukisimamisha daftari hapo utaandika: Toph na mchanga haviivi. Lakini karibu na mwisho wa Kitabu cha Tatu, wakiwa ufukweni, anajenga kwa mchanga mji mzima wa Ba Sing Se, na anasema mwenyewe kwamba amekuwa akifanyia mazoezi utawala wake wa mchanga. Mistari yote miwili ni ya kweli, ila ni ya tarehe tofauti. Anayesema "Toph hawezi mchanga" na anayesema "Toph anauweza" wote wana ushahidi mkononi, walichosahau ni kuandika umetoka lini.

Kisha amua unaamini toleo lipi

Hapa ndipo mdogo wangu alipoteleza. Yeye aliiona hadithi kwa mara ya kwanza kwenye toleo lililoingizwa sauti ya Kiswahili, alilowekewa kwenye flashi. Yule msimuliaji, kwa kunogesha, alikuwa anasema maneno ambayo wahusika hawakuyasema, kama vile "huyu dada akitaka anakugeuza mdoli muda wowote." Mimi nazipenda sana sauti hizo, zimewapa watu wengi hadithi ambazo wasingezielewa. Lakini msimuliaji si mwandishi. Anachokiongeza ni chake, na daftarini hakiingii. Ukilazimika kufanya kazi na toleo la namna hiyo, tumia kinachoonekana kwenye picha na uache kinachosemwa, mpaka upate toleo la asili.

Jambo la pili ni kwamba hadithi moja inaweza kuwa na dunia kadhaa zenye sheria tofauti. Avatar ina filamu ya 2010 iliyoigizwa na watu. Katika filamu hiyo watawala moto wa kawaida hawawezi kutoa moto mwilini. Lazima pawe na moto karibu, wauchukue na kuurusha, na wachache sana waliobobea ndio wanaoutoa wenyewe. Kwenye katuni kila mtawala moto anautoa mkononi. Kuna pia toleo la kuigizwa la 2024, nalo ni dunia yake. Kwa hiyo kila dunia ipe kurasa zake. Ukichanganya utapata mhusika ambaye hayupo popote.

Katuni ya pili, "The Legend of Korra", iliyoonyeshwa 2012 hadi 2014, ni suala jingine. Hiyo ni mwendelezo wa dunia ileile, imetokea miaka 70 hivi baadaye, na ilitengenezwa na waanzilishi walewale. Inaingia kwenye daftari hilohilo, na kama utakavyoona, ndiyo iliyolitikisa swali letu.

Safu za daftari

Chora safu tano. Ya kwanza ni mahali: kitabu, episodi, na dakika. Ya pili ni tendo lenyewe, kwa maneno machache, bila sifa. Usiandike "alimfanya vibaya sana," andika "alimsimamisha mtu mmoja, akampigisha magoti." Ya tatu ni hali: usiku au mchana, mwezi ukoje, kuna maji karibu, mikono iko huru. Ya nne ni gharama: alichoka, alilia, alishindwa kuendelea? Ya tano ni aina ya ushahidi.

Hiyo ya tano inahitaji maelezo. Mimi natumia herufi tatu. "O" ni kilichoonekana kikitendeka. "S" ni kilichosemwa na mtu mwenye kulijua jambo, na hana sababu ya kudanganya. "T" ni tambo, yaani maneno ya adui anayejisifu, mtu anayetishia, au uvumi wa mitaani. O ina uzito kuliko S, na S kuliko T. Lakini T usizifute, maana wakati mwingine waandishi huficha sheria ya kweli ndani ya tambo. Mfano mzuri ni wa chuma. Katika Korra, adui mmoja anamtambia Lin, binti yake Toph, kwamba mashine zake ni za platini tupu, na hata mama yake mashuhuri asingeweza kutawala madini safi namna hiyo. Hilo ni tambo. Ila Lin na askari wake wanajaribu na kushindwa, na mstari unapanda kutoka T kwenda O.

Jambo moja la kushika sana: kutofanya si kushindwa. Kama mhusika hajawahi kufanya jambo, daftari linabaki kimya. Neno "hawezi" liandike pale tu alipojaribu akashindwa, au pale mjuzi aliposema haiwezekani. Kwingine kote andika "haijaonekana." Ni neno dogo, lakini kulikosa ndiko kulikowatoa wale jamaa wawili bandani.

Sasa swali lenyewe: damu

Nilikaa nao nje ya banda, tukafungua kurasa za Katara. Mistari inaanza mapema kuliko walivyodhani.

Kitabu cha Tatu, episodi ya 7. Katara na Toph wamefungwa kwenye chumba cha mbao, makusudi, ili Toph asipate chuma wala jiwe na Katara asipate maji. Katara anaanza kukimbia mahali alipo mpaka anatoka jasho, kisha analitumia jasho lile kukatia mbao. Ushahidi O. Watu wengi huiona hiyo kama mbinu ya kuchekesha. Kwa mwenye daftari ni tangazo: maji yaliyotoka mwilini yanatawalika.

Episodi inayofuata, ya 8, ndiyo ya Hama. Ni bibi aliyetoka kwenye kabila la Katara, akatekwa akiwa kijana, akafungwa. Tazama anavyomfundisha. Kwanza anamwonyesha kuvuta maji kutoka hewani. Mtu aliyewahi kusubiri gari Uyole saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala barabarani na nywele zinalowa bila mvua, haoni ajabu hapo. Kisha anamwonyesha kuvuta maji kwenye maua, nayo yananyauka palepale. Hiyo andika kwenye safu ya gharama: kinacholipa si mwenye nguvu, ni kile kinachonyonywa. Halafu anafika kwenye damu. Anasimulia kwamba gerezani walikuwa wakiwapulizia hewa kavu na kuwafunga mikono kabla ya kuwapa maji ya kunywa, na usiku wa mwezi mpevu aligundua kuwa panya waliokatiza kwenye kizimba si kitu ila vifuko vya maji. Alifanyia mazoezi kwa panya, kisha kwa mlinzi.

Ukizisoma episodi hizo mbili pamoja unaiona ngazi: jasho, hewa, ua, damu. Hakuna nguvu mpya iliyodondoka kutoka mbinguni. Ni nguvu ileile ikipanda hatua kwa hatua, na mwezi mpevu ndio unaoisukuma kwenye hatua ya mwisho. Sizoni inayoheshimu sheria unaitambua hapo. Kila uwezo mpya ukiuvuta nyuma, unakuta mzizi.

Usiku huohuo Hama anamshika Katara kwa damu, naye Katara anajinasua, kwa sababu mwezi unampa nguvu na yeye. Mwisho, kuwaokoa Aang, ambaye ndiye Avatar, na kaka yake Sokka, Katara anatumia damu ya Hama dhidi ya Hama. Hali: usiku, mwezi mpevu. Gharama: analia, kwa kuwa amefanya alichoapa kutokifanya. Safu ya gharama isiishie kwenye misuli. Wahusika wengine kinachowazuia ni dhamiri, na hicho nacho ni mpaka wa kweli, maana unatabiri watakachofanya.

Mstari wa tatu ni episodi ya 16, ambapo Katara anamsimamisha kwa damu kamanda wa meli anayedhani ndiye aliyemuua mama yake, kumbe siye. Hapo muuza viazi akauliza haraka, "Mwezi ulikuwaje?" Hilo ndilo swali sahihi, na safu ya hali usiijaze kwa kukumbuka. Rudisha video nyuma, simamisha, angalia anga. Kumbukumbu ina tabia ya kuchora mwezi pale unapouhitaji.

Mpaka hapo muuza viazi alikuwa anaongoza. Mjuzi pekee aliyefundisha nguvu hii aliifunga kwenye mwezi mpevu. Laiti hadithi ingeishia 2008, ningeandika sheria kwa wino.

Lakini ikaja Korra. Kitabu cha Kwanza, episodi ya 8, mwanasiasa mmoja, Tarrlok, anamshika kwa damu Korra, Avatar aliyekuja baada ya Aang, na Korra mwenyewe anashtuka kwamba mwezi si mpevu, imewezekanaje? Waandishi wameliweka swali la mtazamaji kinywani mwa mhusika, ishara kwamba wanajua wanaigusa sheria yao na hawajaisahau. Episodi ya 9 inaturudisha nyuma kwenye kesi ya Yakone, baba yake Tarrlok. Mashahidi wanasema anatawala damu siku yoyote, saa yoyote. Anayetoa hukumu ni Sokka, sasa mtu mzima, na hoja yake ingefaa kunakiliwa neno kwa neno. Anasema ameshakutana na watu wenye vipaji adimu, na kwamba hata kutawala chuma kulionekana ni muhali tangu dunia iumbwe, mpaka Toph akakuweza. Muda mfupi baadaye Yakone anaishika mahakama nzima, mchana, bila hata kunyanyua mkono. O, isiyo na shaka.

Mpaka wa dunia na mpaka wa ujuzi

Hoja ya Sokka inatufundisha kugawa mipaka mara mbili. Upo mpaka wa dunia, ambao haumhurumii mtu yeyote: jua likipatwa, moto unakatika kwa wote, wafalme kwa askari. Na upo mpaka wa ujuzi, ambao watu wameuita muhali kwa sababu hakuna aliyewahi kuuvuka.

Chuma kilikuwa mpaka wa ujuzi. Toph alipofungiwa kwenye sanduku la chuma, mwishoni mwa Kitabu cha Pili, alikigonga na kukipapasa mpaka akahisi chembechembe za udongo zilizobaki ndani yake. Chuma ni ardhi iliyosafishwa, na haikusafishwa ikaisha. Alizikamata chembe zile na kulipasua sanduku. Sheria ya dunia, kwamba mtawala ardhi anatawala ardhi tu, haikuvunjika hata kidogo. Ndiyo maana platini safi baadaye ikawashinda: haina chembe za kushika.

Namna ya kupima ni kujiuliza: mtu alipouvuka mpaka, je, sheria ya chini bado imesimama? Kama imesimama, ulikuwa mpaka wa ujuzi, na unasahihisha mstari. Kama imeanguka bila maelezo, hapo waandishi wameteleza, na unaweka alama ya mshangao pembeni. Usijitungie maelezo ya kuwafichia. Wapenzi wa hadithi tuna ugonjwa huo, na daftari likijaa maelezo yetu wenyewe linaacha kuwa ushahidi.

Basi damu je? Sheria ya chini inasema mtawala maji anatawala maji popote yalipo, na mwezi unaongeza nguvu. Yakone hakuitangua. Alichokipita ni kile Hama alichokijua. Kwa hiyo mstari wangu sasa unasomeka: "Damu: kwa kawaida mwezi mpevu. Ukoo wa Yakone: bila mwezi, O. Katara bila mwezi: haijaonekana."

Mdogo wangu akasoma, akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo sikukosea." Nikamwambia amekosea: alisema anaweza, na hana mstari. Muuza viazi akacheka, nami nikamgeukia, "Na wewe kaka, ulisema hawezi. Wa kwako uko wapi?"

Kwa mashujaa wa vitabu vya picha, ongeza safu

Avatar ilikuwa na waanzilishi walewale toka mwanzo. Mashujaa wakubwa wa Marekani hawana bahati hiyo: mmoja anaandikwa na watu wengi kwa miaka mingi. Superman alipotokea 1938 hakuwa akiruka angani kama ndege. Alikuwa anachupa, nusu ya njia ya kuuzunguka uwanja wa mpira au zaidi kidogo, kama mita 200 hivi, na ngozi yake ilielezwa kuwa haipenyezwi na kitu kidogo kuliko bomu linalopasuka. Kupaa kulikuja miaka ya 1940. Hata jiwe la kriptonaiti, linalomdhoofisha, lilianzia kwenye mchezo wa redio mwaka 1943. Mwaka 1986 hadithi yake ikaanzishwa upya, na nguvu zake zikapunguzwa kwa makusudi.

Kwa mtu wa namna hiyo ongeza safu ya sita, mwaka na mwandishi, na kila hadithi ilipoanzishwa upya funga ukurasa, piga mstari, fungua mwingine. Anayemchukua Superman wa zama moja na kumpambanisha na udhaifu wake wa zama nyingine amemtengeneza mtu wake mwenyewe. Pia jihadhari na tendo lililotokea mara moja tu. Likionekana mara moja, halafu mhusika akashindwa jambo dogo zaidi katika hali ileile, lizungushie duara na usilitumie kama kipimo. Kipimo ni kile anachokirudia.

Mimi mistari ya O naiandika kwa kalamu ya wino, ya S kwa penseli, na ya T kwa penseli ndani ya mabano. Daftari likiazimwa, msomaji anajua kwa jicho tu wapi akanyage kwa nguvu.

Ule mstari wa episodi ya 16, safu ya hali, niliuacha wazi kwenye nakala ya mdogo wangu. Siku ile umeme ulikatika kabla hatujarudisha video. Kesho yake asubuhi alinipigia simu kabla sijanywa chai: ameazima laptopu kwa jirani, amesimamisha picha, na anataka kujua kama mwezi uliozibwa nusu na wingu unaandikwa O au S.